Sarafu tatu za Shangazi zilitengenezwa wapi?

Kwenye kipindi kilichopita niliahidi kueleza hapa kwa maandishi ile habari ya sarafu za Shangazi, kwa sababu hewani tuliikimbiza, na wengi mmeandika mkiuliza: uliwezaje kujua kwa picha tu? Basi leo nakaa chini niieleze vizuri. Kama Kiswahili chako ni cha jikoni kwa mama kama changu, usiogope, twende polepole.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, niko nyumbani Randburg, baridi ile ya Julai inayokufanya usitake kutoa mkono nje ya blanketi. Simu ikalia. Shangazi, dada yake Baba mkubwa kabisa, anaishi Tabora. Kanitumia picha moja: sarafu tatu juu ya kanga. Chini kaandika, "Mwanangu, kuna mtu anazitaka hizi. Anatoa laki moja na nusu kwa zote. Anasema hizo hadithi za baba yako ni uongo. Anarudi Jumatano."

Hapo inabidi nikueleze hadithi yenyewe. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na kopo la Blue Band lenye sarafu za zamani, na alipohamia huku Joburg aliliacha kwa dada yake. Moja ya zile sarafu, ya njano na nzito, alisema ilitengenezwa Tabora hapohapo, kwenye karakana ya reli, wakati wa Vita vya Kwanza, na kwamba babu yake alilipwa nayo alipobebea mizigo ya Wajerumani. Tumekua tukiisikia hiyo. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunacheka, si unajua wazee wakianza. Sasa huyu mnunuzi kamwambia Shangazi: sarafu za Mjerumani zote zilikuja kwa meli kutoka Ujerumani, hakuna sarafu iliyotengenezwa Tabora, na hii ya njano ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Ya thamani, anasema, ni ile nyeupe yenye simba, maana ni fedha tupu kutoka Uingereza. Na ile ndogo nyekundu yenye maandishi ya Kiarabu ni ya Sultani wa Zanzibar.

Mimi kazi yangu ni uhasibu, lakini sarafu nimezikusanya mwaka wa kumi na moja sasa. Nilianza kwenye soko la Jumapili, kwa mzee mmoja anayeuza sarafu na visu vya zamani, Mwafrikana, mkali kama pilipili. Swali lake la kwanza kwa kila mteja ni moja: hiki kitu kilitumika wapi, na kilitengenezwa wapi? Kisha anasubiri uchanganye hayo mawili. Kila mtu anachanganya. Mimi nilichanganya kwa mwaka mzima.

Somo lake alilifundisha kwa sarafu za Kruger. Mwaka 1892 serikali ya Paul Kruger, hapa Transvaal, ilitaka sarafu zake yenyewe, na za mwanzo ziligongwa Berlin. Kwenye nembo kuna gari la kukokotwa na ng'ombe. Gari la makaburu lilikuwa na mti mmoja mbele, katikati, ng'ombe wakifungwa kushoto na kulia kwake. Mchongaji wa Berlin akachora gari lenye miti miwili, la farasi, kama ya kwao, na magurudumu yote yakawa sawa, wakati ya nyuma yalipaswa kuwa makubwa kuliko ya mbele. Watu wa Pretoria wakakasirika kweli. Halafu chini ya kidevu cha Kruger zikakaa herufi za jina la mchongaji, Otto Schultz, yaani OS, na kwa Kiholanzi cha huku "os" ni ng'ombe dume. Ilibidi nembo ichorwe upya. Mzee wangu alinionyesha zote mbili kwa kioo cha kukuza, kisha akasema jina la nchi kwenye sarafu linakuambia nani alilipa, na mkono uliochonga unakuambia ilitoka wapi.

Turudi kwenye picha ya Shangazi.

Tatizo la kwanza ni picha yenyewe. Kila sarafu ilionekana upande mmoja tu. Taa ya simu iliwaka katikati na kufuta nusu ya maandishi. Kanga ilikuwa nyekundu, kwa hiyo kila kitu kilionekana chekundu. Na WhatsApp ikiipunguza picha, vitu vidogo vinageuka ukungu. Mtu akikutumia picha kama hiyo na ukamjibu papo hapo "hii ni ya mahali fulani", unabahatisha. Nikampigia.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeziona? Nilikuwa nataka nizisugue kwanza kwa limau na majivu zing'ae."

Moyo ulinidunda. "Shangazi, tafadhali! Usizisugue. Usizioshe hata kwa maji ya sabuni."

Hapo nisimame kidogo, maana hili swali hurudi kila mara. Limau na majivu ni dawa nzuri ya sufuria ya shaba. Kwenye sarafu asidi inakula tabaka la juu, na majivu yanaacha mikwaruzo midogo upande mmoja. Kinachopotea ni kile hasa unachokitafuta: kingo za herufi, alama ndogo za muhuri, na ile rangi ya uzee iliyotulia kwenye mabonde ya sarafu. Mnunuzi anayejua kazi yake anaona usafi huo mara moja na bei inaanguka. Na kwako wewe unayehukumu kwa picha, sarafu iliyong'arishwa ni kama barua iliyofutwa nusu.

Nilimwomba mambo machache. Aziweke juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, asubuhi, taa ya simu ikiwa imezimwa, ili mwanga uje kwa ubavu na herufi zitupe kivuli. Apige pande zote mbili za kila sarafu, moja moja. Aweke rula ya shule ya mjukuu wake pembeni. Apige na ukingo, yaani unene, sarafu ikiwa imesimama. Halafu atume kama faili, siyo kama picha ya kawaida, ili isibanwe. Mjukuu ana miaka kumi na mbili. Alifanya yote kwa dakika kumi na tano, na bado akanitumia picha ya paka.

Nianze na ile ndogo nyekundu, ya Kiarabu, kwa sababu ndiyo rahisi. Mnunuzi kasema Zanzibar. Na kwa picha ya kwanza hata wewe ungekubali, maana ulionekana ule upande tu wenye maandishi ya Kiarabu ndani ya shada la majani, na Sultani Barghash kweli alitoa pesa za shaba za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 hivi. Lakini pesa ya Barghash ina mizani upande wa pili, mizani ya kupimia, inaonekana wazi hata ikichakaa. Mjukuu alipoigeuza ya Shangazi, hakukuwa na mizani. Kulikuwa na tai amekunjua mabawa, amezungukwa na maandishi marefu ya Kijerumani: DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, na mwaka 1890.

Hilo ni jina la kampuni, ile ya Carl Peters, iliyokuwa ikitawala bara kabla serikali ya Ujerumani haijachukua yenyewe. Na Kiarabu cha upande wa pili kinasema kitu kilekile: sharaka ya Ujerumani. Ukilitamka neno hilo polepole utasikia "shirika" letu. Kampuni iliandika kwa herufi za Kiarabu kwa sababu ndizo watu wa pwani walizozisoma kwenye biashara. Mtu wa Bagamoyo asingepokea kipande cha shaba chenye tai asiyemjua. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Na zilikuwa zikigongwa Berlin. Kwa hiyo maandishi ni ya Kiarabu, matumizi ni ya pwani yetu, na kiwanda ni cha Ulaya. Hapo mnunuzi wetu kakosa, au kaamua kukosa.

Ya pili ni ile nyeupe ya simba. Hii ukiwa na bibi au babu yeyote wa Kenya, Uganda au Tanganyika labda umeiona: simba amesimama mbele ya milima, EAST AFRICA, shilingi moja, na upande mwingine kichwa cha Mfalme George wa Sita. Ya Shangazi ni ya mwaka 1945. Mnunuzi kasema Uingereza, fedha tupu. Yote mawili si kweli.

Tuanze na fedha. Shilingi hizi za Afrika Mashariki, kuanzia 1921 hadi 1946, zilikuwa na fedha robo tu. Robo tatu zilizobaki ni metali za bei ya chini. Kuanzia 1948 hata hiyo robo iliondoka, ikawa shaba na nikeli. Kwa hiyo ukiona mwaka, umeshajua kilichomo bila kuigusa. Na kwenye picha ya dirishani sehemu zilizoinuka, kama shingo ya mfalme na mgongo wa simba, zilikuwa zimeanza kuonyesha unjano kidogo, kama jino la mvuta sigara. Fedha tupu haichakai hivyo.

Sasa kiwanda. Bodi iliyokuwa ikitoa pesa za Afrika Mashariki haikuwa na kiwanda chake, ilikuwa inaagiza. Ikiagiza London, kwa kawaida sarafu haina herufi yoyote ya ziada. Ikiagiza kwa kampuni za Birmingham, unakuta H, ambayo ni Heaton, au KN, ambayo ni King's Norton. Wakati wa Vita vya Pili, London inapigwa mabomu na meli zinazamishwa njiani, kazi nyingine ikapelekwa karibu zaidi. Herufi I ni Bombay. Na ya Shangazi, nilipoikuza picha hadi ikaanza kupasuka, ina herufi mbili ndogo mno, ambazo asiyejua atadhani ni uchafu: SA.

Hiyo SA ni Pretoria.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kiwanda cha Pretoria kilianza 1923 kama tawi la kiwanda cha mfalme cha London, na 1941 kikawa cha Afrika Kusini yenyewe. Kwenye miaka ile ya mwisho ya vita kiligonga senti na shilingi za kwetu, zikasafirishwa kaskazini, zikazunguka Tabora, Kisumu, Kampala. Siku hizi kiwanda kiko Centurion, kwenye barabara ya zamani ya Johannesburg. Kutoka kwangu ni N1 moja kwa moja, chini ya saa moja kama hakuna ajali. Yaani sarafu ambayo Baba aliiacha Tabora kwa sababu, kwa maneno yake, "huko Sauzi haina kazi", ilikuwa imetoka huku huku.

Tahadhari moja hapa. Herufi hizi ni ndogo na zinadanganya. Kwenye sarafu iliyochakaa I inaweza kuonekana kama namba 1 au mkwaruzo, na H iliyolika ubavu unaweza kuisoma vingine kabisa. Nisipoiona herufi vizuri sisemi "haina herufi, kwa hiyo London". Nasema picha haitoshi. Kukosa kuiona herufi kwenye picha mbaya na herufi kutokuwepo ni mambo mawili tofauti, na nimewahi kupoteza randi mia nne kujifunza hilo.

Basi tufike kwenye ile ya njano, ambayo ndiyo ugomvi wenyewe.

Upande mmoja kuna taji, chini yake D.O.A., na chini 1916. Upande wa pili: 20 Heller, matawi mawili ya majani, na chini kabisa herufi T. Kwa rula ya mjukuu ni kama milimita 29 hivi kwa upana.

Ukitaka kujua kama hii ilitoka Ujerumani, ifananishe na zile ambazo hakika zilitoka huko. Wajerumani waliacha pesa na kuanza heller mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Heller za kawaida ziligongwa Berlin na Hamburg, na zina herufi za viwanda hivyo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Herufi hizohizo ziko hadi leo kwenye yuro za Kijerumani; ukipata moja itazame karibu na mwaka. Heller kumi na heller tano za mwisho zina tundu katikati, na ni nyembamba, safi, jina la koloni limeandikwa kwa kirefu. Ukizipanga kumi za mwaka mmoja hutaona tofauti.

Lakini hakuna heller ishirini iliyowahi kugongwa Ujerumani kwa ajili ya koloni hili. Haikuwepo. Thamani hiyo inaonekana mwaka mmoja tu, 1916, na herufi moja tu, T. Na hakuna kiwanda cha Ujerumani chenye herufi T. T ni Tabora.

Kwa nini Tabora? Vita vilipoanza 1914, na Waingereza wakafunga bahari mwaka uliofuata, hakuna meli ya kuleta sarafu. Serikali ya koloni ilikuwa na askari na wapagazi wa kulipa, na watu wa sokoni hawataki makaratasi; noti za muda zilichapwa, lakini mkulima anataka kitu kinacholia kikigongwa mezani. Serikali ilikuwa imehamia Tabora, na reli ya kati ilikuwa imeshafika hapo tangu 1912. Palipo na reli pana karakana, na karakana ina mashine za kukata na kukandamiza chuma, na mafundi wanaojua kuzitumia. Shaba waliikusanya popote ilipopatikana, ndiyo maana utakuta nyingine ni za njano na nyingine nyekundu kabisa. Humohumo iligongwa hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Kazi ilikwisha Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

Kwa hiyo Baba hakuwa anatunga. Na mnunuzi, aliyesema hakuna sarafu iliyotengenezwa Tabora, ama hajui herufi T ama anaijua vizuri sana.

Ila kusema "heller ishirini zilitengenezwa Tabora" siyo kusema kwamba hii ya Shangazi ilitengenezwa Tabora. Inaweza kuwa nakala. Watu wanaziiga, hasa ile ya tembo, ambayo nakala zake zimejaa kila mahali, na hata hizi za shaba. Hapa ndipo mkono wa fundi unapoanza kuzungumza, na ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko sarafu zote.

Sarafu halisi hugongwa. Kipande cha shaba kinawekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mashine inabana kwa nguvu mara moja, na shaba inakimbilia ndani ya mashimo ya mihuri. Nakala nyingi za mitaani zinamiminwa: unachukua sarafu halisi, unatengeneza kalibu, unayeyusha shaba, unamwaga. Vitu hivi viwili vinaacha alama tofauti. Iliyogongwa ina kingo za herufi zilizosimama, hata kama baadhi hazikujaa. Iliyomiminwa ina herufi laini, za mviringo, kama sabuni iliyotumika, na ukiikuza unaona vitobo vidogo vya mapovu ya hewa. Pia kwenye unene wake mara nyingi unakuta mstari unaozunguka, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa za mtu aliyejaribu kuuondoa.

Ndiyo maana niliomba picha ya ukingo. Ya Shangazi haina mstari. Ina upande mmoja mnene kidogo kuliko mwingine, jambo la kawaida kwa shaba iliyokatwa karakanani kwa haraka. Herufi za 1916 zimesimama upande wa kushoto na kufifia kulia, yaani muhuri haukubana sawasawa. Taji limesogea, haliko katikati. Uso wa sarafu una ukwaru, lakini hauna mapovu.

Hapa wanaoanza wanakosea kwa namna ya kuchekesha: wanaona ubovu wanasema ni bandia. Kwa sarafu ya Hamburg ya 1908, ningekubaliana nao. Ubovu wa Tabora ni wa aina yake, na ndio cheti chake. Ile ambayo ingenitia wasiwasi ni heller ishirini iliyonyooka kila mahali, taji katikati kama limepimwa kwa bikari.

Halafu kuna jambo la mihuri. Karakana haikuwa na muhuri mmoja mama wa kuzalisha mingine yote inayofanana, kama viwanda vikubwa. Mihuri ilichongwa zaidi ya mara moja na haikulingana. Wakusanyaji wanazipanga heller hizi kwa vitu viwili: taji, ambalo kuna kubwa na dogo, na ncha za zile L mbili za neno Heller. Kuna zenye ncha zilizochongoka kwenye L zote, kuna zilizojikunja kwenye zote, na kuna ambayo ni L ya pili tu iliyojikunja. Ya Shangazi ina taji dogo na L zote mbili zimechongoka. Nikakaa na picha za wakusanyaji wengine saa mbili, nikilinganisha, hadi chai ikapoa. Mchongo ulilingana: jinsi L zinavyokaa karibu na e, nafasi kati ya 20 na majani, umbo la msalaba juu ya taji. Kilichotofautiana ni uchakavu, na mahali muhuri ulipobana zaidi, ambavyo vinapaswa kutofautiana. Kama mikwaruzo na hata doa lilelile vingekuwa mahali palepale kwenye sarafu mbili tofauti, hapo ningeshtuka, maana kalibu inanakili mpaka makovu.

Uzito sikuupa nafasi kubwa. Watu wanapenda mizani kwa sababu inatoa namba, lakini kwa heller za Tabora vipande vyenyewe havikuwa na unene mmoja, kwa hiyo uzito uliopungua kidogo hauthibitishi chochote. Kwa shilingi ya simba ni kinyume: kiwanda kikubwa, kipimo kimoja, inatakiwa iwe karibu gramu 7.8, ikipungua kidogo kwa uchakavu. Nilimwambia Shangazi apite kwa sonara aipime hiyo. Ilikuja 7.6. Safi.

Kwa hiyo Jumatatu usiku nilimwandikia hivi. Pesa: Berlin, sina shaka. Shilingi: Pretoria, sina shaka, fedha robo. Heller: Tabora, 1916, kwa kadiri picha inavyoweza kusema. Neno "kadiri" halikumfurahisha. Akanipigia.

"Ndiyo au siyo? Mimi sitaki hesabu zako."

"Shangazi, ningekuwa naishika mkononi, na kioo cha kukuza, ningekuambia ndiyo. Kwa picha nakuambia sioni hata kitu kimoja kinachosema siyo."

"Basi si ndiyo hiyo."

"Na sehemu ya babu kulipwa nayo," nikamwambia, "hiyo picha haiwezi kusema. Sarafu haina kumbukumbu ya mfuko iliokaa."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo haikuhitaji picha," akasema. "Hiyo nimeambiwa na aliyelipwa."

Sikuwa na la kujibu. Shangazi alizaliwa 1948, na kumbe alimkuta yule mzee akiwa hai. Mimi muda wote nilidhani hadithi ilipitia kwa Baba tu.

Jumatano mnunuzi akaja. Shangazi kamwekea pesa na shilingi mezani, akamwambia hii ni ya Berlin, hii ni ya Pretoria na ni fedha robo, toa bei ya haki. Akatoa elfu arobaini kwa zote mbili, akachukua. Kisha akauliza ile ya njano iko wapi. Shangazi akamwambia hiyo haiuzwi, si ulisema ndiyo ya bei ya chini? Akapanda hadi laki mbili, kwa hiyo moja peke yake.

Imerudi kwenye kopo. Nikija Desemba nitaishika. Jana nimemwuliza kama hajaisugua, kanijibu kwa picha ya limau.